Sekunde Mbili na Breki ya Mbele

Mhadhara wa ukaribisho kwa wanafunzi wapya wa kozi ya awali ya uendeshaji pikipiki

Kozi inayoanza leo ina mengi ndani yake: alama za barabarani, gia, kona, abiria, mizigo, safari za usiku na za mvua. Mhadhara huu hautayagusa yote. Utakaa kwenye jambo moja tu, namna ya kusimamisha pikipiki, kwa sababu katika jambo hilo wengi wanaoingia uwanjani huwa tayari wamefundishwa, na wamefundishwa kinyume.

Kijana anayejifunzia mtaani hupewa pikipiki na kaka yake au rafiki yake. Anaonyeshwa klachi, anaonyeshwa gia, anaonyeshwa mahali pa kuongeza mafuta. Ikifika zamu ya breki anaambiwa: "Tumia ya mguu. Hiyo ya mkono iache, itakupindua." Somo linaishia hapo. Anayelitoa halitoi kwa ubaya. Naye aliambiwa hivyohivyo, na labda aliwahi kumwona mtu akianguka baada ya kubana breki ya mbele. Kwa hiyo kijana anaingia barabarani akiwa na breki mbili lakini anaijua moja, tena ile iliyo dhaifu.

Ukipita kijiwe chochote cha bodaboda na kutazama mikono ya madereva wanapowasili, matokeo ya somo hilo yanaonekana wazi. Vidole vyote vinne vya mkono wa kulia vimezunguka kishikio cha mafuta, hakuna hata kimoja kilicho juu ya mkono wa breki. Mguu wa kulia ndio unaofanya kazi yote. Wapo hata wanaomwomba fundi ailegeze breki ya mbele kabisa, ili wasije wakaibana kwa bahati mbaya.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini zaidi ya miaka 40 iliyopita. Nchini Marekani, Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Kalifornia aliongoza timu iliyokwenda kwenye maeneo ya ajali za pikipiki mjini Los Angeles. Walichunguza ajali zipatazo 900 palepale zilipotokea: walipima alama za matairi, walikagua vyombo, waliwahoji waliohusika. Zaidi ya hizo, walisoma taarifa za polisi za ajali nyingine zipatazo 3,600. Ripoti yao ilitoka mwaka 1981, na hadi leo walimu wa pikipiki duniani wanaitumia.

Katika ajali walizochunguza, takriban robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo. Katika theluthi mbili za migongano hiyo, aliyekosea ni dereva wa chombo kile kingine, aliyeingia kwenye njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Ajali iliyojirudia zaidi ni ya gari linalotoka upande wa mbele na kukata kona mbele ya pikipiki inayokuja. Huko Marekani, wanakopita kulia, gari hilo huwa linakata kushoto. Hapa kwetu, tunakopita kushoto, ni daladala, bajaji au gari dogo linalokata kulia kuingia barabara ya pembeni. Dereva wake akiulizwa baadaye husema hakuiona pikipiki, na mara nyingi anasema kweli.

Hurt na wenzake walipima pia muda. Tangu hatari inapoanza kuonekana hadi mgongano, dereva wa pikipiki katika ajali ya kawaida alikuwa na muda usiotimia sekunde 2. Katika muda huo wengi wao walifanya kosa lilelile: walikanyaga breki ya nyuma hadi tairi likafunga na kuserereka, huku breki ya mbele wakiibana kidogo mno au wakiiacha kabisa. Na asilimia 92 ya madereva hao walikuwa wamejifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki.

Kwa nini breki ya mbele iwe na thamani kubwa hivyo? Jibu linaonekana kwa macho. Mtu asimame kando ya barabara atazame pikipiki inayofunga breki kwa nguvu. Shokapu za mbele zinadidimia, na sehemu ya nyuma inanyanyuka kidogo. Kudidimia huko ni uzito unaohama. Pikipiki na dereva wake walikuwa wakisonga mbele, na tairi linapozuiwa, uzito wao huendelea kusukuma mbele na kuliegemea tairi la mbele. Tairi linaloegemewa hugandamizwa kwenye lami na kushika vizuri zaidi. Tairi la nyuma, lililopunguziwa mzigo, linagusa barabara juujuu tu. Ndiyo maana mguu ukiikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, tairi hufunga haraka na kuanza kuteleza. Halina uzito wa kulishikisha. Kwenye lami kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama hutoka mbele, na kadiri breki inavyobanwa ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa kubwa.

Hesabu yake inafaa kufanywa hapa, polepole, kwa mfano wa barabara ya mjini.

Dereva yuko peke yake kwenye pikipiki ya kawaida ya cc 150, lami ni kavu, na mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki inapita karibu mita 14 kila sekunde. Mita 30 mbele yake, bajaji inayotoka upande wa pili inakata kulia na kuziba njia. Dereva anaiona, ubongo unatambua kuwa ni hatari, mkono na mguu vinapokea amri. Tuseme yote hayo yanachukua sekunde moja, muda ambao dereva aliye makini na asiyechoka anaweza kuufikia. Katika sekunde hiyo breki bado haijaguswa, na mita 14 zimekwisha. Zimebaki 16.

Kama dereva amefunzwa kutumia breki zote mbili, mwendo wake unaweza kupungua kwa takriban kilomita 23 kwa saa katika kila sekunde inayopita. Atahitaji sekunde 2 na kidogo, na kama mita 15, kusimama kabisa. Jumla ni mita 29. Atasimama akiwa na mita moja mbele yake, moyo unamdunda, lakini mzima.

Sasa dereva yuleyule, pikipiki ileile, ila anatumia mguu peke yake. Breki ya nyuma inapunguza mwendo kwa kilomita 12 au 13 tu katika kila sekunde. Kusimama kwake kutahitaji karibu mita 28 za breki, juu ya zile 14 zilizokwisha. Hizo ni mita 42, na bajaji iko kwenye mita ya 30. Atakapoifikia atakuwa bado anakwenda kilomita 32 kwa saa. Mwili unaogonga chuma kwa mwendo huo hupata pigo lililo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 4, yaani juu ya paa la nyumba ya kawaida ya kuishi.

Tofauti kati ya madereva hawa wawili ni vidole vya mkono wa kulia.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mpaka wa ufundi. Dereva aliyefunzwa vizuri, mwenye breki zote mbili, akiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa badala ya 50, hatasimama mbele ya bajaji ile. Sekunde ya kutambua itakula karibu mita 17, na 13 zilizobaki hazitamtosha. Ataigonga akiwa kwenye kilomita 37 kwa saa, vibaya zaidi kuliko yule aliyetumia mguu kwa mwendo wa 50. Kwa upande mwingine, anayejua breki ya mguu tu, akiwa kwenye mwendo wa 40, atasimama kwenye mita ya 29. Kilomita 10 tu kwa saa zinaweza kufuta faida yote ya ufundi, au kuleta faida iliyo sawa nayo. Kwa sababu hiyo kozi hii inafundisha kufunga breki na kupunguza mwendo kama somo moja, na mwanafunzi atakayesema anajua kufunga breki ndiyo maana anakimbia atarudishwa kwenye hesabu hii.

Turudi kwenye onyo la mtaani kwamba breki ya mbele inapindua. Onyo hilo lina chembe ya ukweli, na mwalimu anayeliita uongo mtupu hawatendei haki wanafunzi wake. Watu huanguka kwa breki ya mbele. Ila kwenye pikipiki ndogo za biashara ni nadra dereva kurushwa juu ya usukani. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba tairi la mbele linafunga, linakosa mshiko, na pikipiki inalala ubavu ghafla. Sababu kubwa ni tatu: breki imebanwa kwa kishindo, imebanwa usukani ukiwa umekata kona, au imebanwa juu ya mchanga na utelezi. Kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kishindo. Uzito hauhamii mbele papo hapo. Unahitaji nukta ya muda, shokapu zididimie, tairi ligandamizwe. Dereva aliyeshtuka akiunyakua mkono wa breki kwa nguvu zote kabla uzito haujafika, tairi la mbele bado ni jepesi, na jepesi hufunga. Kwa hiyo breki ya mbele hukamuliwa jinsi mpishi anavyokamua tui: anabana kidogo hadi machicha yashikane, kisha anaongeza nguvu bila kuachia, hadi mwisho. Kwenye pikipiki hatua hiyo ya kwanza ni fupi sana, kama theluthi moja ya sekunde. Vidole vinaondoa ulegevu wa waya, vinaisikia breki ikianza kushika, mbele inaanza kuinama, ndipo vinabana kwa nguvu inayoongezeka. Mwanafunzi anayerudia tendo hili polepole kwa siku kadhaa huona mkono umelizoea hata asipolifikiria, na hapo ndipo litamfaa siku atakayoshtuka.

Wakati mkono unakamua, viungo vingine navyo vina kazi. Mafuta yanaachiwa yote. Mkono wa kushoto unavuta klachi. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma kwa upole, na upole huo unazidi kadiri pikipiki inavyoinama mbele. Mguu wa kushoto unashusha gia hadi ya kwanza, ili pikipiki ikishasimama iweze kuondoka mara moja kama kuna lori linakuja nyuma halijasimama. Magoti yanabana tangi, ili uzito wa mwili usiangukie mikono. Macho yanabaki mbele, yakitazama njia ya kuponea. Anayekitumbulia macho kitu anachoogopa kukigonga huwa anaelekea hukohuko.

Ikitokea tairi la mbele limefunga, dalili ni tatu na zinakuja pamoja: usukani unakuwa mwepesi mkononi, tairi linatoa mlio, na pikipiki inaanza kulala. Hapo vidole vinaachia mara moja, tairi linarudi kuzunguka, kisha vinakamua tena kwa upole zaidi. Anayesita kuachia ataanguka kabla hajamaliza kusita.

Tairi la nyuma likifunga, habari ni nyingine. Kama pikipiki bado imenyooka, mguu unaweza kulegeza. Lakini kama sehemu ya nyuma imekwisha kutoka nje ya mstari na kuja ubavuni, dereva aendelee kukanyaga mpaka pikipiki isimame. Akiachia wakati huo, tairi litashika lami ghafla likiwa limekaa upande, pikipiki itajinyoosha kwa nguvu na kumrusha juu. Anguko la namna hiyo huumiza zaidi kuliko la kulala ubavu chini. Kwa hiyo sheria mbili hizi zinapingana, na ni lazima zibaki tofauti kichwani: la mbele liachiwe upesi, la nyuma lililokwenda upande lisiachiwe.

Sababu ya pili ya kuanguka ni kona. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na pikipiki iliyolala kwenye kona inatumia sehemu ya mshiko huo kukata kona. Kilichobaki hakitoshi kwa breki kali. Dereva anayejua hilo hupunguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, anaingia konani akiwa tayari na mwendo wa kona, na breki zake zimekwisha kufanya kazi yao. Akilazimika kusimama katikati ya kona, kwanza anaisimamisha wima pikipiki, ananyoosha usukani, ndipo anakamua.

Sababu ya tatu ni uso wa barabara, na katika miji yetu huenda ndiyo inayohitaji macho zaidi. Mahali ambapo njia ya vumbi inaungana na lami, magari huacha mchanga na kokoto mwezi mzima. Ni palepale kwenye makutano, mahali ambapo breki itahitajika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huibua mafuta na vumbi lililokuwa limetulia juu ya lami, na kwa muda barabara huwa na utelezi kuliko itakavyokuwa mvua ikishanyesha vya kutosha. Rangi nyeupe ya kivuko cha pundamilia ikilowa huteleza. Udongo mwekundu wa barabara za vijijini, ambao ukiwa mkavu na umeshindiliwa unashika vizuri, ukinyeshewa hujaa kwenye mifereji ya tairi na kulifanya laini.

Katika sehemu kama hizo, breki ya mbele haiachwi, ila inabanwa kwa ncha za vidole, na ya nyuma inapewa kazi kubwa zaidi kuliko kwenye lami kavu, kwa sababu tairi la nyuma likiteleza kidogo dereva ana nafasi ya kulirekebisha. Hata hivyo umbali wa kusimama utakuwa mrefu, wakati mwingine mara mbili ya ule wa lami kavu. Hakuna ufundi wa vidole unaoweza kufidia hilo. Kinachofidia ni mwendo uliopunguzwa kabla ya kuufikia mchanga, pamoja na nafasi kubwa zaidi iliyoachwa kwa gari la mbele.

Abiria naye hubadilisha hesabu. Anakaa karibu kabisa na tairi la nyuma, hivyo analiongezea uzito, na breki ya mguu inapata nguvu kuliko dereva akiwa peke yake. Lakini mzigo wote wa kusimamishwa umeongezeka, na breki ni zilezile. Dereva mwenye abiria huanza kufunga breki mapema na kutumia mguu zaidi, bila kuusahau mkono. Abiria asiyeambiwa chochote, breki ikifungwa, huteleza mbele na kumsukuma dereva kwenye tangi. Mikono ya dereva inakakamaa, na mkono uliokakamaa hauwezi kukamua kwa kipimo. Maneno machache kabla ya kuondoka yanatosha: ashike chuma cha nyuma au kiuno cha dereva, na akisikia pikipiki inapunguza mwendo ajizuie.

Mshikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, ni kosa kisheria, na breki zinaeleza kwa nini. Dereva anasukumwa hadi anakalia tangi, magoti hayana pa kubana, uzito umerundikwa nyuma hadi tairi la mbele linaelea, na usukani unakuwa mwepesi hata kabla ya breki kuguswa. Breki ndogo za ngoma zilizotengenezwa kusimamisha watu wawili zinaombwa kusimamisha wanne. Mteremko mrefu ukiongezwa hapo, breki hupata moto na nguvu yake hupungua, huku dereva akizidi kukanyaga asione mabadiliko.

Hadi hapa mhadhara umesema kana kwamba breki ya mbele ipo na inafanya kazi. Kwenye pikipiki nyingi zinazoletwa uwanjani siku ya kwanza, haifanyi. Breki ambayo haitumiki haiangaliwi, nayo huharibika bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo kila mwanafunzi atajifunza ukaguzi unaochukua dakika chache, kabla ya kuwasha injini.

Anaanza na mkono wa breki. Akiubana, breki ianze kushika mapema, na hata akibana kwa nguvu zote mkono usifike kwenye kishikio cha mafuta. Nafasi ya vidole viwili ibaki. Ukigusa kishikio, breki imelegea. Kisha anaangalia waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki, mahali unapopinda kila siku: uzi mmoja mmoja ukianza kukatika hapo, waya ubadilishwe siku hiyohiyo, kwa maana utakatika kabisa siku utakapobanwa kwa nguvu. Baada ya hapo anashuka kwenye habu ya gurudumu. Breki nyingi za ngoma zina kimshale kinachosogea kadiri breki shuu zinavyolika. Kikivuka alama iliyopigwa kwenye bamba, kukaza nati hakusaidii tena, shuu zinahitaji kubadilishwa. Kama shuu bado nzima na waya umelegea tu, nati inakazwa kidogo kidogo, na kila baada ya kukaza gurudumu linanyanyuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Likizunguka bila kukwaruza na mkono wa breki ukishika mapema, kipimo kimefika. Likikwaruza, limekazwa mno, na breki itapata moto njiani.

Jaribio la mwisho linafanywa injini ikiwa imezimwa. Mwanafunzi anaisukuma pikipiki kwa hatua tatu, nne, anabana breki ya mbele. Pikipiki inatakiwa isimame pale pale na shokapu za mbele zididimie. Anarudia kwa breki ya mguu. Anatazama pia kama taa ya nyuma inawaka kwa breki zote mbili, kwa sababu gari linalofuata halijui chochote kuhusu vidole vyake isipokuwa kupitia taa hiyo. Upepo wa matairi unafuata maandishi ya mtengenezaji, ambayo huwa kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki. Kwa nyingi za biashara ni karibu 25 mbele, na nyuma 28 kwa mtu mmoja au 32 akiwapo abiria, kwa kipimo kinachotumika kwenye pampu za vituo vya mafuta.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaotoka maeneo ya mito na mabonde. Breki ya ngoma ikiingia maji hushika kidogo sana mpaka ikauke. Dereva aliyevuka dimbwi refu huenda polepole mita kadhaa huku akizigusa breki zote mbili kwa upole, hadi joto la msuguano likaushe maji na azisikie zikirudi. Asiyefanya hivyo atagundua kwenye makutano yanayofuata.

Kutokana na yote haya, tabia ya kwanza ambayo mkufunzi atakuwa akiitazama kwa kila mwanafunzi ni mahali vilipo vidole. Kwenye barabara iliyo wazi vidole vinaweza kupumzika kwenye kishikio. Lakini kila anapokaribia makutano, kituo cha daladala, gari lililosimama lenye mtu ndani, watoto pembezoni mwa barabara au gari la mbele linaloonyesha indiketa, vidole viwili vinakwenda juu ya mkono wa breki, na mguu wa kulia unaelea juu ya breki ya nyuma bila kuikanyaga. Hilo peke yake linaokoa muda ambao mkono ungetumia kuitafuta breki. Hata kama ni sehemu 3 tu katika 10 za sekunde, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hizo ni mita 4. Katika mfano wa bajaji, dereva aliyesimama na mita moja mbele yake angesimama na mita 5.

Zoezi la kwanza litafanyika kwenye uwanja wa lami, mstari ulionyooka, bila abiria. Kila mwanafunzi atakwenda kwa kilomita 20 kwa saa, na akifika kwenye koni ataanza kufunga breki: mara ya kwanza kwa mguu tu, mara ya pili kwa mkono tu, mara ya tatu kwa vyote viwili. Kila mahali tairi la mbele litakaposimama patapigwa alama ya chaki yenye jina lake. Baadaye atarudia kwa kilomita 30, na kwa mwendo huo anayetumia mguu tu huhitaji karibu mita 10 tangu breki ianze kushika, na anayetumia zote mbili akishazoea huhitaji zaidi kidogo ya 5. Hakuna atakayepandishwa mwendo kabla alama zake hazijakaa mahali pamoja mara kadhaa mfululizo, kwa sababu alama zinazotawanyika ni dalili ya mkono unaonyakua badala ya kukamua. Somo la kusimama kwa ghafla, ambapo mkufunzi anatoa ishara bila kutangulia kusema, litakuja baada ya hapo tu.

Siku ya zoezi la kwanza wanafunzi watafika saa moja asubuhi, lami ikiwa kavu na jua halijawa kali. Kila mmoja avae kofia ngumu inayomkaa kichwani na kufungwa mkanda wake, viatu vya kufunika mguu mzima, suruali ndefu na glavu zisizo nene kiasi cha kuzuia vidole kuisikia breki. Wenye pikipiki zao wafike nusu saa kabla, saa kumi na mbili na nusu, kwa ukaguzi. Pikipiki ambayo mkono wake wa breki utagusa kishikio itapelekwa kwanza kwa fundi aliyepo uwanjani, na mwenyewe atasimama hapo kutazama nati inavyokazwa, kisha ataikaza yeye.